Sensa ya I2C haijibu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu analizeri na osiloskopu

Maswali haya ndiyo yanayorudi kila mara kwa mafundi na wanafunzi wa Goma wanaotengeneza kuvezi za mayai, vipimo vya matanki ya maji na vyumba vya baridi. Karibu wote wanakuja na hadithi moja: juu ya meza sensa ilifanya kazi vizuri, ikafungwa mahali pake mwisho wa kebo, ikaanza kukataa. Ili majibu yasielee hewani, tutafuata kuvezi moja ya Himbi: ESP32 ya volti 3.3, sensa ya joto na unyevu SHT31, mita 4 za kebo ya mtandao kati yao, na relei inayowasha taa za kupasha joto.

## Kabla ya kushika kifaa

I2C inazungumza namna gani hasa?

Kuna nyaya mbili: SCL inabeba mapigo, SDA inabeba data. Jambo la kushika ni kwamba hakuna kifaa kinachosukuma waya juu. Mikrokontrola na sensa zinajua kitu kimoja tu, kuvuta waya chini kwenye masi. Zikiuachia, ni rezistansi iliyofungwa kwenye volti 3.3 inayourudisha juu. Kwa hiyo kushuka ni kwa ghafla, lakini kupanda kunategemea nguvu ya rezistansi na urefu wa kebo. Matatizo mengi ya kebo ndefu yanazaliwa hapo, kwenye kupanda.

Mazungumzo yanaanza SDA inaposhuka wakati SCL iko juu. Hiyo ni Start. Baada yake zinakuja biti 8, kisha pigo la tisa. Kwenye pigo hilo aliyekuwa anasema ananyamaza, na anayesikiliza anavuta SDA chini kusema "nimepata". Hiyo ni ACK. SDA ikibaki juu, ni NACK: hakuna aliyejibu, au aliyepo amekataa.

Nianze na analizeri au na osiloskopu?

Anza na analizeri. Inarekodi sekunde nzima za mazungumzo na kukutafsiria, hivyo unajua kazi imekatikia wapi: baiti gani, biti gani. Lakini yenyewe inaona 0 na 1 tu. Volti 2.1 iliyotakiwa kuwa 3.3 itakuandikia 1 na utaamini mambo ni sawa. Ukishajua mahali, ndipo unaleta osiloskopu pale pale ili uone umbo la waya na kupata sababu.

Wengi wanabadilisha sensa kwanza, kisha maktaba ya programu, kisha kebo, bila kuangalia pigo la tisa hata mara moja. Kila kinachobadilishwa kabla ya kutazama kinafuta ushahidi.

Analizeri ndogo ya njia 8 inatosha? Naiunganishaje?

Inatosha kabisa. Zile ndogo za USB zinazoandikwa 24 MHz zinafanya kazi na PulseView, programu ya bure. Kwenye Windows kawaida utahitaji kwanza kuweka draiva ya WinUSB kwa kutumia Zadig. Unganisha masi ya analizeri na masi ya saketi kabla ya kitu kingine chochote, kisha D0 kwenye SCL na D1 kwenye SDA. Shika nyaya upande wa sensa, mwisho wa kebo, kwa sababu tatizo linaishi huko. Upande wa ESP32 picha inaweza kuwa nzuri kuliko ile sensa inayoiona.

Kwa basi ya 100 kHz, weka kiwango cha sampuli kisichopungua 4 MHz. Asiyependa madirisha anaweza kupata tafsiri moja kwa moja kwenye terminali:

```
sigrok-cli -d fx2lafw -c samplerate=4m --samples 8000000 \
  -C D0,D1 -P i2c:scl=D0:sda=D1 -A i2c
```

Hizo ni sekunde 2 za kurekodi. Ukiona maneno yasiyo na kichwa wala miguu, kagua kwanza kama hukubadilisha SCL na SDA.

## Kusoma alichorekodi analizeri

Programu inanirudishia namba 2. Nyingine 3, nyingine 5. Zina maana gani?

Kwenye Arduino, `Wire.endTransmission()` ikirudisha 0 mambo ni sawa. 2 ni NACK kwenye anwani. 3 ni NACK kwenye data. 5 ni kusubiri kupita muda. Zinasaidia kujua uanzie wapi, lakini hazitoshi. Namba 2 inaweza kutoka kwa sensa isiyo na umeme, au kwa sensa nzima iliyosikia anwani vibaya. Tofauti ya hayo mawili unaiona kwenye rekodi tu.

Karatasi ya sensa inasema 0x44, mimi naona 0x88. Nimekosea?

Hapana. Anwani ina biti 7, na biti ya nane inasema kuandika (0) au kusoma (1). 0x44 pamoja na biti ya kuandika inakuwa 0x88, na ya kusoma inakuwa 0x89. PulseView kwa kawaida inaandika `Address write: 44`. Kama ni 0x45 inayojibu, pini ya ADDR ya SHT31 imefungwa juu.

Naona NACK. Nifanye nini?

Tazama iko wapi, maana kila mahali pana kisa chake.

NACK baada ya anwani ya kuandika, kila mara bila kukosa: sensa haina umeme, anwani si yake, au waya umekatika. Chukua multimita kabla ya kuendelea.

NACK baada ya anwani ya kusoma, huku kuandika kulipata ACK: kwa SHT31 mara nyingi ni haraka tu. Ukiipa amri 0x2400, inapima kwa utulivu wa juu na inaweza kuchukua hadi milisekunde 15. Ukiisoma kabla haijamaliza, inakujibu NACK, na hilo ndilo jibu lake sahihi. Kwenye PulseView pima umbali kati ya Stop ya amri na Start ya kusoma. Ukikuta milisekunde 5, umepata ugonjwa bila osiloskopu. Ongeza kungoja hadi 20.

NACK kwenye baiti ya mwisho ya kusoma: acha. Ni mikrokontrola inayosema "inanitosha", na ndivyo inavyotakiwa. Watu wanahangaika bure sana na hii.

NACK inayokuja mara moja moja, leo kwenye anwani, kesho kwenye data: hapo programu haina hatia kubwa. Shuku waya, na soma maswali mawili yanayofuata.

Katikati ya baiti analizeri inaandika "Start repeat". Mimi sikuituma. Imetoka wapi?

Hii ndiyo iliyoonekana kwenye kuvezi ya Himbi. Anwani 0x44 ilianza vizuri, zikapita biti tatu, ghafla ikaandikwa Start repeat, na kilichofuata kilikuwa takataka hadi NACK.

Start ni SDA kushuka wakati SCL iko juu. Fundi alikuwa ameweka SDA na SCL kwenye jozi moja iliyosokotwa ya kebo ya mtandao. Nyaya mbili zilizosokotana kwa mita 4 zinaambukizana: SCL inaposhuka kwa ghafla, inavuta SDA chini kidogo, na kama rezistansi ni dhaifu, SDA inachelewa kurudi. Sensa ikiona SDA imeshuka kabla haijakubali kwamba SCL nayo imeshuka, kwake hiyo ni Start mpya. Inaacha ilichokuwa inasikiliza na kuanza upya, huku ESP32 inaendelea na biti zake.

Dawa ni kupanga jozi upya: SDA isokotwe na masi, SCL isokotwe na masi nyingine au na volti 3.3. Kebo ya mtandao ina jozi nne, nafasi ipo. Lakini kabla ya kukata, thibitisha kwa osiloskopu (angalia "Nipime nini"), kwa sababu kuambukizana kunakuwa hatari zaidi pale rezistansi inapokuwa kubwa mno, na hiyo nayo inarekebishwa.

Analizeri inaonyesha biti zote sahihi, lakini sensa bado inakataa. Nani mwongo?

Hakuna mwongo, wana mipaka tofauti. Kanuni ya I2C inasema kwamba 1 ina uhakika kuanzia asilimia 70 ya umeme wa basi, yaani volti 2.31 kwa saketi ya 3.3, na 0 ina uhakika chini ya asilimia 30, yaani volti 0.99. Analizeri ndogo inakubali 1 ikifika volti 2.0, au hata kabla. Waya ukipanda polepole, analizeri imeshaandika 1 wakati sensa bado ina shaka. Hapo ndipo analizeri inapofikia mwisho wa uwezo wake.

## Osiloskopu na umbo la waya

Nipime nini kwenye osiloskopu?

Mambo mawili: waya unapanda kwa muda gani, na unashuka hadi wapi.

Weka probu kwenye 10x, na kwenye menyu ya osiloskopu pia weka 10x. Usitumie 1x: probu kwenye 1x inaweza kuongeza karibu pikofaradi 100 kwenye waya, sawa na kuongeza mita 2 za kebo, na utakuwa unapima ugonjwa uliouleta mwenyewe. Kwenye 10x inaongeza kama 10 hadi 15. Shikiza probu kwenye SCL upande wa sensa, chagua volti 1 na mikrosekunde 1 kwa kila mraba, na triga ya kupanda kwenye volti 1.6.

SCL nzuri inapanda kama ukuta wenye kona iliyolainika kidogo. Ile ya Himbi ilikuwa na mgongo mrefu uliopinda kama pezi la papa. Pima kutoka volti 0.99 hadi 2.31. Kwa basi ya 100 kHz kanuni inaruhusu mikrosekunde 1 na si zaidi. Kwa 400 kHz ni mikrosekunde 0.3. Himbi ilionyesha karibu 1.6.

Kisha weka chaneli ya pili kwenye SDA na utazame kila SCL inaposhuka. Ukiona SDA iliyokuwa juu imechimbika papo hapo, huko ndiko kuambukizana kulikoelezwa juu.

Muda huo wa kupanda unatoka wapi? Na rezistansi gani niweke?

Unatoka kwenye rezistansi na uwezo wa waya wa kubeba chaji:

```
t = 0.85 × R × C
```

Kebo ya mtandao ina karibu pikofaradi 50 kwa mita. Mita 4 ni 200, ongeza 30 za pini na moduli, unapata 230. Moduli ya SHT31 ilikuwa na rezistansi ya kiloomu 10, na ile ya ndani ya ESP32, karibu kiloomu 45, inaisaidia kidogo. Kwa pamoja ni kama kiloomu 8.2. Zidisha: mikrosekunde 1.6. Hesabu na skrini vikikubaliana hivyo, unaweza kuacha kutafuta sababu nyingine ya kupanda polepole.

Fundi aliongeza kiloomu 2.2 upande wa ESP32 kwenye kila waya. Pamoja na 10 ya moduli inakuwa kama 1.8, na muda unashuka hadi mikrosekunde 0.35. Usiende chini bila kikomo, maana kila kifaa lazima kiweze kuvuta waya chini. Kanuni inahesabu miliampea 3 kwa volti 0.4, ambayo kwa umeme wa 3.3 inakupa mpaka wa karibu omu 970. Kwa kiloomu 1.8 mkondo hauzidi miliampea 2, salama.

Basi nzima isizidi pikofaradi 400. Mwenye kebo ya mita 10 ameshavuka. Ashushe mwendo, au atumie chipu ya kurefusha basi.

Kama SDA imeshikwa chini, nitajuaje ni nani anayeishika?

Tazama urefu wa sakafu. ESP32 na sensa hazivuti kwa nguvu sawa, hivyo 0 ya mmoja inaweza kusimama volti 0.08 na ya mwingine 0.2. Panua picha kwenye pigo la tisa: utaona sakafu inapanda ngazi ndogo pale sensa inapopokea zamu ya kuvuta. Ukishaijua ngazi hiyo kwenye ACK ya kawaida, siku waya ukikwama chini unalinganisha tu. Mimi naona hiki ndicho kitu kizuri kuliko vyote ambavyo osiloskopu inaongeza juu ya analizeri, na ni wachache wanaokitumia.

Sakafu ikiwa juu ya volti 0.4, rezistansi zimekuwa kali mno, au kuna kiungo kibovu kwenye masi. Pima masi ya sensa dhidi ya masi ya ESP32 ukiwa na shaka.

## Kinachotokea usiku

Mchana inafanya kazi, usiku inakufa hadi nichomoe umeme. Kwa nini?

Goma iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, usiku unapoa, na relei ya taa inawaka na kuzima mara nyingi zaidi. Kuvezi ya Himbi, baada ya jozi na rezistansi kurekebishwa, bado ilikufa mara chache, na kila mara gizani.

Safari hii probu haikuwekwa kwenye SDA. Iliwekwa kwenye volti 3.3 ya ESP32, triga ya kushuka kwenye volti 3.0, hali ya picha moja. Relei ilipowaka, umeme ulichimbika hadi chini ya volti 2.5. Relei na ESP32 zilikuwa zinakula kwenye chaja moja ndogo ya simu. ESP32 inajizima na kuanza upya umeme ukishuka hivyo. Kwenye terminali inaandika `Brownout detector was triggered`. Lakini SHT31 inaishi hadi volti 2.15. Yenyewe haikuona kitu. Ilikuwa katikati ya kutoa baiti, imeshika SDA chini kwa ajili ya biti ya 0, ikaendelea kusubiri pigo ambalo halikuja.

Tena programu ilikuwa inasoma sensa mara tu baada ya kuwasha relei, yaani wakati mbaya kuliko wote. Relei ilipewa umeme wake, kondensata ya mikrofaradi 470 ikawekwa kwenye ESP32, na kusoma kukahamishwa kabla ya relei.

SDA ikikwama chini, naiachishaje bila kuchomoa umeme?

Ipe sensa mapigo inayoyasubiri. Tisa yanatosha, kwa kuwa baiti ni biti 8 na pigo la jibu. Weka hii mwanzo wa programu:

```cpp
pinMode(SDA, INPUT_PULLUP);
pinMode(SCL, OUTPUT_OPEN_DRAIN);
for (int i = 0; i < 9 && digitalRead(SDA) == LOW; i++) {
  digitalWrite(SCL, LOW);  delayMicroseconds(10);
  digitalWrite(SCL, HIGH); delayMicroseconds(10);
}
Wire.begin();
```

SDA ikishapanda, Start inayofuata inaisafisha sensa. Kama baada ya mapigo tisa bado iko chini, si sensa inayosubiri: tafuta waya uliogusana na masi, au pini iliyoungua.

## Hali za pembeni

Sina osiloskopu. Naweza kufanya nini?

Multimita ikuonyeshe volti 3.3 kwenye SDA na SCL wakati hakuna mazungumzo. Zima umeme, pima rezistansi kati ya SDA na 3.3. Kisha jaribu `Wire.setClock(10000)`. Kama 10 kHz inafanya kazi safi na 100 kHz inakataa, kupanda polepole ndiko mshukiwa wa kwanza. Kwa kuvezi, ambayo inasoma joto mara moja kwa sekunde chache, unaweza kuiacha kwenye 10 kHz bila hasara yoyote. Ila SDA inayochimbika mwendo huu hauiponyi, kwa kuwa kushuka kwa SCL kunabaki kwa ghafla vile vile.

Naweza kupima wakati kuvezi iko kwenye inverta?

Klipu ya masi ya osiloskopu ya mezani imeunganishwa na ardhi ya plagi. Ukiigusisha upande wa taa na relei wenye volti 220, unapiga shoti kupitia osiloskopu, na kupitia USB ya kompyuta pia. Gusa upande wa volti 3.3 tu, na kwanza hakikisha kwamba chaja inatenga pande mbili. Ukiwa na shaka, lisha ESP32 kwa pawabenki na uchomoe relei wakati wa kupima.

Nikiunganisha analizeri tatizo linaisha. Nikiitoa linarudi.

Umepewa dalili nzuri. Kwanza shuku masi: waya wa masi wa analizeri umeziba pengo ambalo kebo yako inalo, hasa kama ESP32 na sensa zinalishwa na vyanzo viwili tofauti. Toa D0 na D1, acha masi ya analizeri peke yake. Ikiendelea kufanya kazi, choma upya kiungo cha masi pande zote mbili. Ikikataa, ni D0 au D1 inayosaidia: pikofaradi chache za analizeri zinalainisha michimbiko ya SDA. Rudi kwenye swali la Start repeat, na umwombe mtu osiloskopu kwa saa moja.